Kidole cha Breki

Wagonjwa hupanga foleni. Watumishi wa hospitali hawapangi. Wao hutibiwa koridoni, wamesimama, katikati ya salamu. Ukimkuta daktari anatoka kunawa mikono unamwambia, "Dokta, hili tumbo langu jamani," naye anakujibu bila kupunguza mwendo, na ukifika dirishani kwa mfamasia tayari una dawa mkononi. Hakuna anayekulaza kitandani, hakuna anayekuvua hata soksi. Ndiyo maana watu hawa wanaoshinda na dawa wakiugua huugua vibaya, na wala usiwaonee huruma, wanajitakia.

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa wa namna hiyo hiyo. Walimwita King'ora, na jina lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata mama mkwe wake alimwita King'ora. Hospitali ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Madereva walikuwa wawili mpaka mwenzake alipostaafu, na tangu hapo King'ora kila akiuliza ofisini kuhusu mtu wa pili aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Likashughulikiwa weee. Alikula akiwa na funguo mfukoni, akaoga simu ikiwa juu ya beseni la sabuni, akalala kwa mafungu mafungu kama mama mwenye kichanga. Macho yalikuwa mekundu, mgongo unauma, na hasira zilikuwa karibu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtia moyo: hajawahi kumrusha mgonjwa. Wanawake wenye uchungu, watu waliovunjika nyonga, watoto wenye mirija puani, wote aliwabeba kwenye barabara ile yenye mashimo, akashika breki polepole, wakafika bila kujua wamesimama.

Sasa kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza.

Kilianza kwa wekundu kidogo pembeni mwa ukucha, upande unaogusana na kidole cha pili. Ofisi ilikuwa imewagawia madereva viatu vipya vya ngozi, vyeusi, vyenye ncha nyembamba, ili wapendeze. King'ora alipendeza kweli. Pia alikuwa na mtindo wake wa kukata kucha: fupi kabisa mpaka nyama, halafu anazungusha kona zote mbili ziwe duara, na anachokonoa ndani kutoa uchafu. Usafi wa kijeshi, alikuwa akisema. Kwa hiyo ukucha ulipokuwa unakua, kona yake ilikuwa haina pa kupita ila ndani ya nyama, na kiatu nacho kinaisukuma humo humo kutwa nzima.

Akaanza matibabu ya koridoni. Mfamasia alimsikiliza akiwa anahesabu vidonge vya mtu mwingine, akampa vya kuua wadudu. Mtu wa maabara akamwambia achonge kipembe, kipengo cha umbo la V, katikati ya ukucha, eti ukucha utajivuta kati na kona zitatoka zenyewe. Daktari wa wodi ya watoto, ambaye alikuwa na haraka ya kwenda kula, akamwambia: "Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, robo saa hivi, mara tatu nne kwa siku. Kausha vizuri. Vaa viatu vya wazi. Na usiguse hizo kona!" Ushauri mzuri kabisa. King'ora alisikia maji, mengine yakabaki koridoni.

"Basi loweka," mkewe alimwambia jioni ile, akamwekea beseni mbele ya kochi. Naye alikuwa amechoka, anafundisha darasa lenye watoto kama siafu. King'ora akatia mguu, akasinzia, maji yakapoa mpaka yakawa baridi, simu ikalia, akachomeka mguu mbichi ndani ya soksi na kiatu kile kile chembamba, akaondoka. Mkewe akayamwaga maji bila kusema kitu. Walikuwa wamefika mahali ambapo hata kugombana kunahitaji nguvu.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Sista anayekaa nyuma ya gari na wagonjwa alikuwa ametupa mkasi wa zamani wa kukatia kitovu, umeshakuwa butu. King'ora akauokota, akauchemsha, maana mtu wa hospitali lazima achemshe, akajifungia bafuni na kuichimbua ile kona ya ukucha mwenyewe. Aliona nyota. Lakini ilipotoka, ahaa! Raha iliyoje! Siku mbili tatu alitembea kama kijana. Akajiona daktari. Ukucha ukarudi, maumivu yakarudi, akachimba tena, raha ikarudi, fupi kuliko ile ya kwanza. Hakujua kwamba kila akikata vile kwa kubahatisha, mkasi unaacha kipande chembamba huko chini asikoona, chenye ncha kama mwiba wa samaki, na kipande hicho ndicho kinachosonga mbele ndani ya nyama kila ukucha unapokua.

Kidole kikavimba, kikang'aa. Usiku hata shuka likikigusa alikuwa anauma meno. Na kidole chenyewe ni hicho hicho cha kukanyagia breki.

Basi akabuni. Badala ya kukanyaga kwa mbele ya mguu, akawa anaugeuza mguu pembeni na kukanyagia ubavu wa kiatu. Hakumwambia mtu. Gari likaanza kusimama kwa vishindo vidogo vidogo, na Sista huko nyuma akawa anashika bomba la machela bila kujua kwa nini siku hizi analishika.

Mchana mmoja walikuwa wanamrudisha hospitalini babu mmoja aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Babu alikuwa analia kila shimo, na King'ora alikuwa anajitahidi, jasho linamtoka. Walipoukaribia mteremko wa kuingia sokoni, mama mmoja mwenye ndoo kichwani akaingia barabarani bila kutazama. King'ora akageuza mguu, akakanyaga kwa ubavu. Kiatu kikateleza. Akakanyaga tena, safari hii kwa kidole, na maumivu yakampiga mpaka kwenye meno, na mguu ukajiinua wenyewe. Narudia: ukajiinua wenyewe, hakuuamuru. Gari likaendelea kushuka. Mara ya tatu akaukandamiza kwa nguvu zake zote huku anapiga kelele, na gari likasimama likitetemeka. Yule mama alikuwa amesimama mbele ya taa, maji yamemmwagikia kifuani, anamtazama tu. Angenyoosha mkono angeligusa boneti.

Nyuma, babu alikuwa anapiga yowe. Sista alikuwa amegonga paji la uso kwenye mtungi wa oksijeni.

Wakafika hospitali. Babu alipokwisha kupokelewa, Sista akarudi kwenye gari akiwa na nundu juu ya jicho inayozidi kukua, akafungua mlango wa dereva.

"Vua kiatu."

"Sista, yule mama aliingia ghafla, wewe mwenyewe..."

"Kaka, sikukuuliza habari za mama. Vua kiatu."

"Ni kidole tu. Natumia dawa. Nilishamwambia daktari."

"Miaka yote hii napanda gari lako nimefumba macho," Sista akasema, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hasira. "Leo sipandi tena. Mpaka nione hicho kidole, sipandi. Ukienda, nenda peke yako na mgonjwa wako."

King'ora akafungua kamba. Soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda, akaibandua taratibu, na harufu ikatoka. Sista alichukua kiti cha magurudumu, kile kile ambacho King'ora hukisukumia wengine, akamkalisha. Mlinzi wa getini akacheka, kisha akauona mguu, akaacha.

Chumba cha upasuaji mdogo kilikuwa mwisho wa koridoni, kina kitanda kimoja, taa ya shingo ndefu na ndoo ya takataka inayofunguliwa kwa mguu. Tabibu wake alikuwa kijana mnene mwenye macho ya usingizi, yuko humo tangu alfajiri anashona vichwa na kupasua majipu. Akavuta taa, akakaa kwenye kigoda, akakitazama kidole kwa muda mrefu.

"Nani amekiona hiki?"

"Ah, wote wanajua. Mfamasia, maabara, daktari wa watoto..."

"Sijauliza nani anajua, mzee wangu. Nimeuliza nani amekiona."

Tabibu akabonyeza vidole vyote kimoja kimoja, akauliza kama anahisi, akapapasa mapigo juu ya wayo, akauliza kama ana kisukari. Hajui. Akamtoboa kidole cha mkono, akapima. Sukari ilikuwa sawa. "Tushukuru," akasema. "Mwenye kisukari au mwenye miguu isiyopitisha damu vizuri asingecheza na kitu hiki hata siku moja. Angekuja wa kwanza." Kisha akamwonyesha, kwa ncha ya kijiti cha pamba bila kugusa: pembeni nyama imevimba na kuulalia ukucha, imeota kinyama chekundu kinachotoka damu kikiguswa, na chini yake usaha. "Ungekuja kikiwa chekundu tu, ningekurudisha nyumbani. Maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Kikishalainika, unainua kona kidogo na kupachika kiuzi cha pamba chini yake, unakibadilisha kila siku, ukucha utoke nje bila kuichoma nyama. Viatu vipana. Kwa wengi inatosha, wiki chache tu. Lakini hapa tumeshapita. Kinatoa usaha, kimeota nyama, na kimerudi mara ngapi?"

"Mara... kadhaa."

"Kila ukichimba."

King'ora akamtazama Sista. Sista akatazama dirisha.

"Na vile vidonge?"

"Vidonge vinapigana na wadudu. Mwiba uko palepale, unaendelea kukuchoma. Ukimaliza dozi wadudu wanarudi nyumbani kwao."

"Na kuchonga kipembe katikati?"

Tabibu akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, cheko fupi la mtu asiye na nguvu za kucheka. "Ukucha hauoni kama una kipembe. Unakua kutoka kwenye mzizi, huku nyuma, unaenda mbele. Nani kakwambia hayo? Maabara? Basi."

Akamlaza. Akausafisha mguu kwa dawa ya kahawia, akamwambia sasa itauma kweli na itakuwa mara mbili, akamchoma sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, upande huu na upande ule. King'ora, mwanamume aliyebeba maiti na majeruhi, alitaja majina ya marehemu wote wa ukoo wake. Wakangoja. Tabibu akabonyeza kwa koleo: "Unasikia?" "Nasikia unabonyeza." "Maumivu?" "Hapana." Akakaza kifungo cha mpira kwenye shina la kidole ili damu isimwagike, akaingiza kifaa bapa chini ya ukucha upande mmoja tu, akauinua. Halafu akaupasua wima, ukanda mwembamba, kutoka mbele mpaka kwenye mzizi. Akaubana kwa koleo, akauviringisha kuelekea katikati, ukatoka wote.

"Huyu hapa," akasema.

Kwenye shashi kulikuwa na ukanda wa ukucha, na pembeni mwake mwiba uliochongoka, wa manjano, umelowa. King'ora aliinuka kwa viwiko akautazama. Wiki zote hizo, kitu chenyewe kidogo hivyo.

Tabibu akakikwangua kile kinyama, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa kurudi rudi, akapaka dawa ya kuunguza mzizi wa upande ule ili ukanda huo usiote tena. Ukucha utabaki mwembamba kidogo, akasema, na hakuna atakayemposa kwa sababu ya ukucha. Akakifungua kile kifungo cha mpira, akahakikisha kidole kimerudisha rangi, akafunga bandeji nene. Alikuwa ndio kwanza anauweka mguu juu ya mto simu ya King'ora ilipolia.

Sista akaipokea. Alisikiliza, uso ukabadilika. Zahanati ya kule juu ya kilima: mjamzito, anatoka damu, nyingi.

King'ora alikuwa ameshakaa. "Nipe kiatu."

"Lala," Tabibu akasema.

"Mguu hauumi! Hauumi kabisa, sijawahi kuwa mzima hivi tangu... Nipe kiatu cha wazi, chochote, hata kandambili. Nakwenda na kurudi."

"Hauumi kwa sababu huna kidole hapo. Kimekufa ganzi. Utajuaje umekanyaga breki kiasi gani?"

"Najua gari langu!"

"Kaka," Sista akasema. Akagusa nundu yake.

"Basi nani ataenda?" King'ora akapaza sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameyabeba maneno hayo muda mrefu. "Nani? Niambieni! Yupo nani mwingine hapa? Kila siku ni mimi! Nikilala, nani? Mama yule afe kwa ajili ya ukucha wangu?"

"Miwani," Sista akasema.

Miwani alikuwa dereva wa mkurugenzi. Kijana mrefu wa miwani ya giza, anayeshinda chini ya kivuli cha maegesho akifuta gari ambalo tayari linang'aa.

"Yule? Yule anaendesha mikutano! Hajawahi kubeba kitu kinachoumwa!"

"Ana leseni. Ana miguu miwili. Na mkurugenzi yuko kikaoni mpaka jioni. Funguo, kaka."

Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Aliziingizia mkono, akazishika, hakuzitoa. Kwa kweli alitaka kulia. Aliogopa kuwa yule kijana atachelewa, hajui shimo la pale kwenye daraja, hajui kuwa gia ya pili inagoma, na mama atakufa njiani, naye King'ora atakuwa amelala hapa na mguu juu ya mto kama mfalme. Akaogopa pia kwamba yule kijana atafika salama. Hilo la pili lilimshangaza mwenyewe.

Akazitoa. "Mwambie gia ya pili aibembeleze. Na kwenye daraja apite kushoto kabisa."

Sista alikwenda mbio. Kisha king'ora kikalia uani, kikatoka getini, kikaenda, na kwa mara ya kwanza tangu mwenzake astaafu alikisikia akiwa nje ya gari. Kumbe ni sauti ya kutisha.

Tabibu alikuwa anaosha vifaa na kumweleza mambo ya nyumbani. Leo mguu ukae juu. Dawa za maumivu. Kesho kutwa aje bandeji ibadilishwe, baada ya hapo ndiyo maji ya uvuguvugu yaanze tena, kausha, funga safi. Wekundu ukipanda kuelekea wayo, au homa, arudi siku hiyo hiyo. Asiendeshe mpaka aweze kukanyaga kwa nguvu bila kujikunja, na hilo yeye Tabibu ndiye atakayeliamua, siyo King'ora. "Na kucha zako zote, kuanzia leo, kata moja kwa moja, zinyooke hivi, kama ukingo wa meza. Kona ziachwe zitokeze juu ya nyama. Usikate fupi sana. Usichimbe. Mkasi uko wapi?"

"Nyumbani."

"Autupe mama watoto."

King'ora alikuwa anaitikia, lakini masikio yalikuwa barabarani. Sasa yuko sokoni. Sasa anapanda kilima. Ganzi ikaanza kuyeyuka, kidole kikaanza kupwita taratibu, na hakukijali. Mwanga wa dirishani ukahama ukutani. Wagonjwa wawili waliingia wakatoka, yeye akiwa amesogezwa pembeni kwenye benchi na mguu wake juu ya kiti.

Halafu akalisikia gari. Liliingia getini kwa kasi, likasimama kwa kishindo kilichomfanya afumbe macho. Milango. Sauti. Magurudumu ya machela yakipita koridoni kuelekea chumba kikubwa cha upasuaji, na sauti ya mwanamke akiuliza kitu, anauliza, yaani yuko hai. Akaegemeza kichwa ukutani.

Jua lilikuwa limeinama Sista alipokuja. Gauni lake lilikuwa na damu. "Wamemtoa mtoto," akasema. "Wote wawili wapo. Mama kaongezewa damu." Akakaa chini kwenye benchi kama gunia. "Anaendesha vibaya, yule. Gia ya pili ameitukana njia nzima. Lakini tumefika."

Miwani alikuwa mlangoni. Hakuwa amevaa miwani, na bila hiyo alikuwa na uso wa kawaida tu, wa mtu aliyetoka jasho na kuogopa. Alizinyoosha funguo.

"Shikamoo kaka. Pole na mguu." Akasitasita. "Kila siku nakuona unachechemea pale maegeshoni. Nilitaka kukuomba nikupokee, hata siku mojamoja, mkurugenzi mwenyewe alisema kama utaomba, sawa. Nikaona utafikiri nakunyang'anya kazi. Mbona hukusema?"

King'ora akafungua kinywa. Alitaka kujibu kwamba alisema, kila mtu anajua, na ndipo alipoanza kuwataja moyoni: mfamasia, maabara, daktari wa watoto, ofisini, mke wake, mpaka mlinzi wa getini. Kidole kile alikuwa amekisimulia hospitali nzima, isipokuwa kwa mtu mmoja aliyekuwa na leseni. Hakuna aliyewahi kumkatalia, kwa kuwa hakuwahi kuomba apokewe. Wiki zote zile, yule mama wa ndoo, babu wa watu, nundu ya Sista, na hakuna aliyemkatalia.

Machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Miwani akadhani ni maumivu, akamwita Tabibu.

"Kaa nazo," King'ora akamwambia, akazisukuma funguo zirudi. "Kaa nazo, mdogo wangu. Mimi naomba kulala."

Na kweli akalala, pale pale kwenye benchi, mguu juu ya kiti, kabla Tabibu hajafika.